Alilipa Alhamisi, daftari linasema Jumapili

Siku ya kuanua tanga, watu wameshakula, masufuria yanaoshwa nyuma ya nyumba, kaka mkubwa wa marehemu akasimama. Akashukuru majirani, akashukuru kanisa, akashukuru vijana waliochimba kaburi. Halafu akageukia upande tuliokaa sisi wa chama akauliza, kwa upole kabisa, "Na nyie ndugu zetu wa kufa na kuzikana, mdogo wangu alikuwa mwenzenu miaka yote hii. Chama kimetoa nini?"

Mwenyekiti akajibu kwamba suala liko kwenye kamati. Mweka hazina wetu alikuwa ameinamisha kichwa anachezea pindo la kanga. Na nyuma yangu mama mmoja akasema, tena hata hakujisumbua kunong'ona vizuri, "Si wamemlipia mtu keshakufa, daftari lipo watu wakaangalie."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa watatu tuliotumwa kwenda kuliangalia hilo daftari, na daftari kweli lilikuwa linasema hivyo.

Na halikuwa kweli.

## Visanduku vitatu vitupu

Chama chetu ni cha kawaida tu, vya namna hii vipo karibu kila mtaa hapa Dar. Watu 40, buku tano kwa mwezi, inakusanywa Jumapili ya mwisho. Ukichelewa faini buku moja kwa kila mwezi uliochelewa. Akifa mwanachama familia inapata milioni moja, akifa mwenza laki saba, mtoto laki tano, mzazi laki nne. Mweka hazina ana kaunta buku moja, majina yamepangwa upande wa kushoto, miezi juu, na kila mtu ana visanduku vyake 12 kwa mwaka. Ukilipa anaandika kiasi na tarehe, anasaini kwa kifupi.

Na kuna kifungu ambacho kila mtu anakijua hata ambaye hajawahi kusoma katiba: mwanachama anayedaiwa miezi mitatu mfululizo si mwanachama hai, na hatapata stahili yoyote mpaka atakapolipa deni lote pamoja na faini.

Marehemu alifariki Jumamosi alfajiri, tarehe 13 Septemba, hospitalini. Asubuhi hiyo kamati ikakutana haraka kama kawaida, maana kwetu stahili inatakiwa itoke ndani ya saa 24. Kuna wenzetu Waislamu ambao mazishi yanaweza kuwa siku hiyohiyo, kwa hiyo huwezi kusema tusubiri benki ifunguliwe Jumatatu. Daftari lilikuwa kwa katibu kwa sababu mweka hazina alikuwa Morogoro kwenye harusi tangu Ijumaa, na utaratibu wetu ni kwamba akisafiri analiacha. Wakafungua mstari wa marehemu. Juni, tupu. Julai, tupu. Agosti, tupu.

Miezi mitatu. Mwenyekiti akasema kifungu kiko wazi, chama kitapeleka turubai na viti kama ubinadamu, watu watachanga rambirambi mkononi, lakini milioni haitoki. Wakampigia mweka hazina simu, hapatikani, wakampata jioni akiwa ukumbini kelele tupu, akasema hakumbuki kama marehemu amelipa, ataangalia akirudi.

Akarudi Jumapili usiku. Akachukua daftari kwa katibu. Jumatatu tulipokuwa tunajiandaa kwenda makaburini vile visanduku vitatu vilikuwa vimejaa, wino mpya, mwandiko wake: 6,000, 6,000, 6,000, tarehe 14/9.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya yule mama aliyekaa nyuma yangu. Mtu amekufa tarehe 13, deni lake limelipwa tarehe 14, na aliyeandika anasali kanisa moja na mjane. Wewe ungesema nini?

## Hela iliyokuja kwa jina la mtu mwingine

Tulikaa naye sebuleni kwake, wajumbe watatu, daftari mezani na simu yake pembeni. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Maelezo yake ni haya.

Marehemu alilazwa mwanzoni mwa wiki ile. Alhamisi usiku alimwambia shemeji yake, mdogo wa mkewe, "nitolee hela kwenye suruali, ya chama, nimekaa nayo mno". Shemeji akachukua hela, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe kwa wakala wa pale nje ya hospitali, akatuma elfu 18 kwa namba ya mweka hazina. Elfu 15 ya miezi mitatu na elfu 3 ya faini. Akamaliza akarudi wodini. Hakupiga simu kusema hela hii ni ya nani, kwa sababu kwa akili yake alishaiambia familia "nimeshalipa ya chama", na marehemu aliitikia kwa kichwa, imeisha.

Upande wa pili mweka hazina ana genge la nafaka. Namba anayopokelea michango ndiyo hiyohiyo wateja wanalipia mchele na maharage. Usiku ule ikaingia elfu 18 kutoka kwa jina ambalo halijui. Akadhani ni mteja wa jumla aliyechukua mzigo mchana kupitia kwa binti yake wa dukani. Ijumaa asubuhi akapanda basi.

Mpaka Jumapili, shemeji mtu aliposikia msibani kwamba eti marehemu alikuwa hajalipa, ndipo akampigia akamsomea namba ya muamala. Mweka hazina akatafuta kwenye meseji zake, akaiona, akarudi nyumbani akachukua daftari akaandika. Na akaandika tarehe aliyokuwa nayo mkononi, yaani siku anayoandika, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuandika miaka yote. Mtu akimpa buku tano Jumapili anaandika Jumapili. Hajawahi kukutana na hali ambayo hela imeingia siku moja na kalamu ikaja siku nyingine na kati ya hizo siku mbili mtu akawa amekufa.

Nilimwamini. Lakini hatukutumwa kwenda kumwamini.

## Salio baada ya salio

Mjumbe mwenzetu mmoja, mzee mstaafu, alisema jambo la maana sana pale sebuleni. Akasema meseji peke yake haitoshi, meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote ikatumwa ikafanana, matapeli wanafanya hivyo kila siku. Akauliza, mama, wewe meseji za siku hiyo hujafuta?

Hakuwa amefuta.

Basi tukafanya hivi, na naeleza kwa urefu kwa sababu nadhani kuna kamati nyingine huko itakuja kukwama tulipokwama. Meseji ya kupokea hela kwenye simu haitaji kiasi na jina tu. Inataja namba ya muamala, tarehe, saa, na mwishoni inataja salio jipya. Hilo salio ndilo lenye siri, kwa sababu linajifunga na meseji iliyotangulia na inayofuata kama pete za mnyororo. Ukichomeka meseji ya uongo katikati, hesabu ya pande zote mbili inavunjika.

Alhamisi mchana mteja alilipa na salio likawa 41,200. Usiku, saa mbili na dakika 17, ikaingia 18,000, salio 59,200. Ijumaa asubuhi kabla ya kupanda basi alinunua muda wa maongezi wa 2,000, salio 57,200. Tukajumlisha kwenye karatasi mbele yake: 41,200 na 18,000 ni 59,200, toa 2,000 ni 57,200. Hela ya muda wa maongezi ya Ijumaa imekatwa kwenye salio ambalo tayari lina ile elfu 18 ndani yake. Kwa hiyo haiwezekani ile elfu 18 iwe iliingia Jumamosi au Jumapili.

Tukaenda na kwa shemeji. Simu yake ina meseji ya kutuma, namba ya muamala ni ileile herufi kwa herufi, saa ni ileile, na dakika chache kabla kuna meseji ya wakala kumwekea elfu 20. Mzee mstaafu akavua miwani akasema, "Huyu mtu alikufa hana deni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida yetu haikuwa mweka hazina kuwa mwongo wala mzembe. Daftari letu lina nafasi ya tarehe moja, na jambo lenyewe lina tarehe mbili: siku hela ilipoingia na siku ilipoandikwa. Uhai wa uanachama unahesabiwa kwa ile ya kwanza, lakini kinachoonekana kwenye karatasi ni ile ya pili. Miaka yote zilikuwa zinalingana ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Na kuna jambo lingine limejificha hapo ambalo mpaka leo linaniumiza. Kama mweka hazina angekuwa mtu mjanjamjanja, angeandika 11/9 tu, kalamu hiyohiyo, na hakuna ambaye angeuliza kitu. Kilichomtia doa ni kwamba aliandika ukweli wa kile alichokuwa anakifanya.

## "Alilipa alipoona anakufa"

Nilidhani tumemaliza. Tukapeleka taarifa kwenye kamati, tukasoma masalio, kila mtu akakubali hela iliingia Alhamisi. Halafu mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu na hana ubaya na familia ile, akanyoosha mkono.

"Sawa, alilipa Alhamisi. Lakini alilipa akiwa kitandani hospitali. Alilipa alipoona anakufa. Sasa na mimi kuanzia mwezi ujao naacha kulipa, nikilazwa ndiyo ntatuma."

Watu walimzomea lakini mimi sikuweza, kwa sababu ana hoja. Piga hesabu. Watu 40 kwa buku tano ni laki mbili kwa mwezi, milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Akifa mwanachama mmoja na wazazi wanne mwaka huohuo, ambayo kwa umri wetu na wa wazazi wetu si jambo la ajabu, imetoka milioni mbili na laki sita, tumeshazidisha. Mfuko unaishi kwa sababu watu wanalipa miezi ambayo hawaumwi. Kila mtu akisubiri mpaka alazwe, siku ya msiba hakuna kitu kwenye mfuko na milioni itabidi itafutwe palepale, elfu 25 kila kichwa. Vipo vyama vinafanya hivyo, vinachanga mtu akishafariki, na vinafanya kazi. Lakini hivyo vimejipanga hivyo, kila mtu anajua siku yoyote simu inaweza kulia atoe 25. Sisi hatukujipanga hivyo.

Kwa hiyo kwa siku kadhaa nilikuwa nalala na hilo swali. Je alikuwa anatuwahi?

Kilichonisaidia ni kurudi kwenye daftari, na safari hii si kuangalia vile visanduku vitatu bali mstari wake wote, na kaunta buku za nyuma nazo. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Na malipo yake yanafanana na kazi yake. Mwaka mmoja Januari na Februari tupu, Machi amelipa 15,000 na faini. Aprili amelipa mapema. Mei na Juni tupu, Julai amelipa zote. Mwaka mwingine amelipa miezi minne mbele, nadhani alipata kazi kubwa. Miaka sita yuko hivyo, na kila shimo limezibwa, hakuna hata moja lililoachwa. Ukijumlisha bila faini ni laki tatu na elfu 60. Tena katika miaka hiyo sita hakuwahi kuchukua hata shilingi, hakuwa na msiba.

Huyo si mtu aliyekumbuka chama akiwa wodini, alilipa wakati wake wa kawaida wa kulipa, bahati mbaya safari hii wakati wake wa kawaida ulimkuta wodini.

Lakini hata hivyo kamati haiwezi kuamua kwa kusoma moyo wa mtu, ndiyo nilivyowaambia. Tukasoma kifungu tena, polepole. Kinasema "mpaka atakapolipa deni lote pamoja na faini". Hakisemi atasubiri siku ngapi baada ya kulipa. Kusubiri miezi mitatu kumeandikwa kwa mwanachama mpya tu, na yeye hakuwa mpya. Kama tulitaka anayerudi naye asubiri tungeandika. Huwezi kumwongezea mtu sharti akiwa ameshalala kaburini, hana jinsi ya kulitimiza.

Ikapigwa kura. Milioni itoke.

## Milioni iliyofika laki sita

Na hapo ndipo ukaja ugomvi wa pili, mdogo lakini wenye chanzo kilekile.

Katibu aliandika upande wa matumizi mstari mmoja: "Msiba, 1,000,000." Mwenyekiti na mweka hazina wakaenda nyumbani kwa mjane wakamkabidhi laki sita. Kesho yake kaka wa marehemu akanipigia, sauti yake si ile ya msibani. "Kaka, katiba yenu inasema milioni. Shemeji yangu amepewa laki sita. Nne iko wapi?"

Nne haikuwa imeibiwa. Jeneza lilichukuliwa kwa mkopo kwa fundi siku ile ya sintofahamu, 250,000, na kamati ilipopitisha stahili ikaona imlipe fundi moja kwa moja maana alikuwa anadai. Turubai na viti vya siku tatu ni 150,000, ambazo chama kilishalipa mwanzoni kwa jina la "ubinadamu", halafu stahili ilipopita zikahesabiwa ndani yake. 250 na 150 ni 400. Bakia 600.

Hesabu inakubali. Lakini mjane hakuambiwa, na kwenye daftari haipo. Halafu watu wengine mtaani wakachanganya na rambirambi, ile 412,000 iliyochangwa pale turubaini na kuandikwa na kijana mmoja kwenye daftari la shule. Wakasema chama kimetoa laki nne na ushee, wengine wakasema chama kimechukua rambirambi za watu kikazifanya ni stahili yake. Rambirambi si hela ya chama. Haipiti kwenye mfuko, haiingii kwenye kaunta buku ya mweka hazina hata senti, inakabidhiwa kwa familia palepale na karatasi yake ya majina, kwa sababu familia inahitaji kujua nani alitoa ngapi ili siku yake nao wamrudishie.

Kwa msiba mmoja basi kulikuwa na hela za aina tatu, na kwenye kumbukumbu zetu kuna mstari mmoja wenye namba ya mviringo. Nilikaa na mweka hazina tukauandika upya, hatukufuta wa zamani, tuliuweka alama na kuandika chini yake: fundi jeneza 250,000, sahihi ya fundi na namba yake ya simu. Turubai na viti 150,000, risiti imebandikwa. Mjane taslimu 600,000, sahihi yake, na sahihi ya shemeji kama shahidi. Jumla 1,000,000. Nikampigia kaka mtu nikamsomea mstari kwa mstari. Akakaa kimya kidogo akasema, "Mngeniambia hivi tangu mwanzo nisingepiga."

## Laini ni ya nani

Mweka hazina alitaka kujiuzulu. Alileta daftari, kalamu, na bahasha ya fedha za dharura laki tatu kamili, akaweka mezani. Alisema jambo moja tu, kwamba amefanya kazi hii bila posho miaka yote na hajawahi kuitwa mwizi, na hatalala tena na hela za watu kwenye simu ya genge.

Tulimwomba abaki na akakubali kwa sharti hilo la simu.

Wa kwanza kupendekeza alisema tununue laini mpya ya chama. Ni wazo zuri mpaka unapokumbuka kwamba hapa kwetu laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu. Kwa hiyo "laini ya chama" itakuwa ya mtu fulani, na yule mtu akifa leo, hela iliyomo kisheria ni yake, tutaenda kugombana na warithi wake. Chama cha kuzikana kinachokwama kwa sababu mweka hazina amefariki, fikiria. Tumeangalia M-Koba ya Vodacom, ile iliyoanza 2019, ambayo kikundi kinakuwa na mfuko wake na hela ikiingia au ikitoka wanachama wanapata taarifa, na kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Mimi naiunga mkono. Ila ina mpaka wake: tuna wazee wawili wanalipa mkononi mpaka leo na wataendelea kulipa mkononi. Kaunta buku haiendi popote.

Kwa hiyo kaunta buku ndiyo tuliyoibadilisha kwanza. Chini ya kila malipo sasa kuna tarehe ya hela na tarehe ya kuandika. Kama imepita kwenye simu, namba ya muamala, na jina la aliyetuma likiwa si la mwanachama linaandikwa pia, "kwa niaba ya". Anayetuma kwa niaba ya mtu lazima atume meseji ya kawaida kusema ni ya nani, na mweka hazina anajibu "nimepokea" siku hiyohiyo. Hilo jibu ndilo risiti. Akiwa safarini anamtumia katibu, katibu anaandika kwa penseli, yeye akirudi anapitishia kalamu baada ya kuona meseji kwa macho yake.

Ni kazi zaidi, najua. Analalamika kidogo kwamba visanduku vimekuwa vidogo, tumemnunulia kaunta buku ya kwaya nne.

## Siku 14

Limebaki moja ambalo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu Desemba, na ndilo linalonisumbua zaidi.

Kuna mapendekezo mawili. La kwanza, mtu akifikisha miezi miwili bila kulipa, mweka hazina amtumie meseji na aandike kwenye daftari tarehe aliyoituma. Asipotumiwa, uhai wa uanachama wake haukatiki hata akifikisha mitatu. La pili, aliyepoteza uhai wa uanachama akilipa deni lake asubiri siku 14 kabla stahili yake kurudi, ili kuzuia watu kulipa wakiwa wodini.

La kwanza sina swali nalo. Marehemu alipoteza uhai wa uanachama tarehe 31 Agosti bila mtu yeyote kumwambia, yeye mwenyewe pengine alikuwa anahesabu miwili.

La pili naona linapiga watu wasiohusika. Mtu akikatika uanachama, akalipa Jumatatu akiwa mzima wa afya, Ijumaa akagongwa na bodaboda, huyo alikuwa anamwahi nani? Nilipendekeza ajali isihesabiwe, mzee mstaafu akanirudisha vizuri tu, akasema nani ataamua ajali ni ipi, tutaanza kudai vyeti vya daktari msibani. Nikapendekeza basi badala ya kusubiri, deni la aliyechelewa likatwe mara tatu kutoka kwenye stahili yake. Kwa marehemu wetu ingekuwa 54,000 kwenye milioni, familia ingepata 946,000 na hakuna ambaye angesimama turubaini kuuliza. Wakasema ni ndogo mno, haitamtisha mtu. Labda, lakini anayelipa kwa mafungu kama fundi huyu alikuwa analipa faini kila mara bila kutishwa, na mfuko haujawahi kupungukiwa kwa sababu yake.

Mjane ameomba aendelee na nafasi ya mumewe. Kamati imekubali, na hatasubiri miezi mitatu ya mwanachama mpya, maana mstari ni uleule. Mchango wake wa kwanza aliuleta mwenyewe mkononi kwa mweka hazina, na kwenye daftari tarehe ya hela na tarehe ya kuandika ni moja.

Desemba nitapiga kura ya ndiyo kwa meseji na hapana kwa siku 14, labda mtu aje na maneno ya kifungu yanayotofautisha aliyejificha na aliyechelewa bila kutulazimisha sisi kuwa mahakimu juu ya jeneza.